Kimo na pima: maswali ya walimu kuhusu kuwapima watoto na kuchora grafu yao ya kwanza

Maswali haya huulizwa na walimu wa darasa la pili na la tatu wanaotaka watoto wao wachore grafu kwa mara ya kwanza kwa kutumia miili yao wenyewe. Nimeyajibu kama ninavyoifanya kazi hii darasani, nikianza na utepe wa karatasi na kumalizia na daftari la hesabu.

Kazi yenyewe ni ipi?

Kila mtoto anapata tepe mbili za karatasi. Ya kwanza inakatwa iwe na urefu sawa na kimo chake, kutoka kisigino hadi utosini. Ya pili inakatwa iwe sawa na mikono yake miwili iliyonyooshwa kushoto na kulia, kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono mmoja hadi ncha ya kidole cha kati cha mwingine. Tepe hizo zinabandikwa ukutani, zinapangwa, zinalinganishwa, kisha zinageuzwa kuwa grafu. Mimi huigawa katika vipindi vinne: kupima, kupanga tepe, kulinganisha kimo na mikono, na mwisho kuchora kwenye daftari. Ukilazimisha yote yaishe siku moja, watoto watapima vizuri na kuchora vibaya.

Mikono iliyonyooshwa tuiiteje mbele ya watoto?

Iite pima. Neno tunalo tangu zamani na maana yake ni hiyohiyo. Mvuvi anayesema hapa maji ni pima tatu amehesabu kamba ya bildi kwa kuinyoosha kati ya mikono yake miwili, mara tatu. Wazee walipima nguo kwa shibiri, dhiraa na pima: shibiri mbili ni dhiraa moja, dhiraa nne ni pima moja. Mtoto akishajua kwamba babu alipima kwa mwili wake, ataanza kuuliza mwenyewe: pima ya babu na pima yangu ni sawa? Mnunuzi mwenye mikono mirefu akipimiwa kitambaa na muuzaji mwenye mikono mifupi, nani anapata hasara? Hapo ndipo sentimita zinapopata sababu ya kuwepo, na hujalazimika kuzihubiri.

Kwa nini tusianze na namba moja kwa moja?

Kwa sababu mtoto wa miaka saba au minane anaweza kuandika 127 bila kuona urefu wowote ndani yake. Kwake ni tarakimu tatu. Utepe anauona: ndio yeye mwenyewe, umetolewa mwilini na kubandikwa ukutani. Tepe ishirini na nne zikisimama kwenye mstari mmoja, tayari hiyo ni grafu, na hakuna aliyelazimika kufundishwa kuisoma. Namba zinakuja baadaye, kuyapa majina yale ambayo macho yameshaona.

Nitumie karatasi gani?

Roli la karatasi ya mashine ya risiti ndilo bora. Upana wake ni uleule mwanzo hadi mwisho, halivutiki, na roli moja linawatosha watoto wengi. Ukilikosa, kata gazeti kwa urefu na ugundishe vipande vitatu. Usitumie uzi wa sweta. Unavutika, na mtoto mwenye shauku ataurefusha kwa sentimita kadhaa akidhani anaunyoosha tu. Utahitaji pia futikamba ya fundi cherehani, boksi gumu lenye kona za mraba (boksi la chaki linafaa sana), kalamu nene za rangi mbili na gundi.

Iangalie futikamba kabla ya kuigawa. Nyingi zina sentimita upande mmoja na inchi upande wa pili, na ile iliyotumika miaka mingi huwa imelegea. Ilaze juu ya rula ya mita moja ya ubaoni uone kama alama ya 100 inakaa sawasawa na mwisho wa rula.

Kimo kinapimwaje ili kisiwe cha uongo?

Mtoto anavua viatu na kusimama akiwa ameegemea ukuta, visigino vimegusa ukuta na macho yanatazama mbele. Hapo kwenye macho ndipo penye kazi. Kila mtoto akipimwa hunyanyua kidevu akidhani anarefuka, na utosi ukirudi nyuma kichwa hakipimiki vizuri. Mwambie amtazame mwenzake aliyesimama mbele yake, wa kimo kama chake, kidevu kinashuka chenyewe.

Kisha chukua boksi la chaki, upande mmoja uegemee ukuta na upande wa chini ukalie kichwa. Piga alama ya penseli chini ya boksi. Watoto wengi hutumia kitabu au rula kwa mkono mtupu, kitabu kinainama mbele au nyuma, na kimo kinaongezeka au kupungua bila mtu kujua. Boksi haliwezi kuinama kama limeushika ukuta. Mwenye mabutu au nywele zilizosukwa kwa juu, boksi litafute nafasi katikati ya mafundo lifike kichwani.

Wapime wote wakati mmoja wa siku. Mwili wa mtu hufupika kidogo kuanzia asubuhi hadi jioni, karibu sentimita 1, kwa sababu diski laini zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo hubanwa na uzito wa mwili. Nusu ya darasa ikipimwa saa mbili asubuhi na nusu nyingine ikipimwa alasiri, umeingiza tofauti ambayo haimo katika watoto wenyewe.

Na pima?

Tumia kona ya darasa. Mtoto anasimama mgongo ukiwa ukutani, ncha ya kidole cha kati cha mkono mmoja inagusa ukuta wa pili pale konani, mkono wa pili unanyooka hadi mwisho. Mwenzake anapiga alama kwenye ncha ya kidole. Kutoka kona hadi alama ndiyo pima. Njia hii inaondoa fujo ya watoto wawili wanaoshika ncha mbili za futikamba, kila mmoja akivuta upande wake.

Mikono iwe usawa wa mabega. Ikishuka, pima inapungua. Kiwiko kikikunjwa kidogo, inapungua zaidi, na ndani ya mkono wa sweta hutakiona kiwiko hicho, kwa hiyo mikono ya sweta ipandishwe. Usipime kwa mbele, juu ya kifua, maana utepe utapita kwenye mviringo wa mwili badala ya kwenda moja kwa moja.

Tumeshakata tepe. Grafu inaanzia wapi?

Inaanzia kwenye msingi. Chora mstari mmoja ukutani kwa chaki, ulionyooka, na kila utepe wa kimo usimame juu ya mstari huo. Utepe mmoja ukianza juu kidogo, grafu yote imedanganya, na watoto huliona kosa hili haraka kuliko mwalimu: "Mwalimu, huyu amepanda kwenye ngazi!"

Mara ya kwanza zibandike kwa namba za daftari la mahudhurio. Ukuta utaonekana kama meno ya msumeno, unapanda, unashuka, hakuna mpangilio. Waulize wanaona nini. Watasema huyu ni mrefu, yule mfupi, na hawatakwenda mbali zaidi ya hapo. Sasa zing'oe na uwaambie wazipange kuanzia fupi hadi ndefu. Wape muda, waache wabishane. Utepe unawekwa karibu na utepe, unasogezwa, unarudishwa. Dakika kumi baadaye ukutani kuna ngazi, na ni tepe zilezile.

Mimi hukaa sana hapa, kwa sababu hapa ndipo mtoto anapogundua kwamba mpangilio unatoka mahali fulani. Tepe hazikubadilika, ila swali limebadilika. Kisha tunaitazama ngazi yenyewe. Mwanzoni inapanda kwa haraka, katikati inakuwa karibu tambarare, watoto wengi wakiwa wamelingana, kisha mwishoni inapanda tena. Mtoto mmoja wa darasa la tatu aliweka kiganja chake juu ya tepe za katikati akakitelezesha bila kukwama, akasema, "Hapa pamejaa." Nilimwachia neno hilo hadi mwisho wa kazi. Tulipochora nguzo baadaye, nguzo ndefu kuliko zote ilikuwa ya wale waliosimama pale palipojaa.

Kabla ya kuondoka, mtafuteni mtoto wa katikati. Watoto wasimame kwa mpangilio wa tepe zao, aliye mwisho wa kushoto na aliye mwisho wa kulia wakae pamoja, kisha wawili wanaofuata, hivyohivyo. Darasa likiwa na idadi isiyogawanyika kwa mbili atabaki mmoja. Likigawanyika watabaki wawili. Huyo au hao ndio katikati ya darasa, na hakuna aliyejumlisha wala kugawanya.

Kimo na pima tunavilinganishaje?

Mtoto analaza utepe wa pima juu ya utepe wa kimo, ncha kwa ncha. Kuna majibu matatu tu: kimo kimezidi, pima imezidi, au vimelingana. Watoto wangu huyaita mrefu, mpana na mraba. Mraba wanaupenda, kwa sababu mtoto ambaye kimo na pima yake vimelingana anaenea sawasawa ndani ya mraba. Kila mtoto anachukua kipande cha karatasi, anaandika namba yake, na kukibandika juu ya jina la kundi lake, kimoja juu ya kingine. Hiyo ndiyo grafu ya nguzo ya kwanza.

Vipande vyote lazima viwe vya ukubwa mmoja na vishikane bila kuacha nafasi. Ukiwaachia watoto wachore vichwa vyao wenyewe, mwenye kichwa kikubwa ataifanya nguzo yake iwe ndefu ingawa wamo watoto wachache.

Wengine wanatofautiana kwa unene wa kucha. Nao ni mraba?

Hili ni swali zuri kuliko yote, na jibu lake litolewe na darasa kabla ya kubandika chochote. Tuchukue mfano wa darasa la watoto 24. Wakikubaliana kwamba sawa maana yake sawasawa kabisa, wanaweza kupata hivi: mrefu 13, mraba 2, mpana 9. Wakikubaliana kwamba tofauti ndogo kuliko upana wa vidole viwili vya mtoto ihesabiwe kuwa sawa, tepe zilezile zinaweza kutoa mrefu 5, mraba 15, mpana 4. Grafu ya kwanza inasema karibu hakuna mraba darasani, ya pili inasema wengi wao ni mraba.

Mimi hufanya zote mbili, siku mbili tofauti, na kuzibandika pamoja. Lakini ikibidi kuchagua moja, chagua ya vidole viwili, na sababu ni hii: mpime mtoto mmoja mara tatu, utapata majibu yanayopishana kwa sentimita moja au mbili. Kumwita mtu mrefu kwa tofauti ndogo kuliko hiyo ni kuyasoma makosa ya kupima kana kwamba ni mwili wake.

Namba na daftari vinaingia lini?

Sasa. Kila mtoto anaupima utepe wake wa kimo kwa futikamba, anaandika sentimita kamili bila desimali. Wa darasa la pili wasome na mwenzao au na mwalimu.

Kosa ambalo nimeliona mara nyingi ni kumwambia kila mtoto achore nguzo ya kimo chake kwenye daftari, kisanduku kimoja kwa sentimita 10. Mtoto wa 127 anahitaji visanduku kumi na viwili na sehemu ya cha kumi na tatu, na hawezi. Ukimwambia akadirie hadi makumi, anakuwa 130, na mwenzake wa 126 naye anakuwa 130, na wa 132 vilevile. Karibu darasa zima linakuwa 120 au 130 na ile ngazi nzuri imepotea.

Badala yake wapange kwa makundi ya sentimita tano tano. Kila namba inayosomwa inapata kistari mbele ya kundi lake, na kistari cha tano kinakata vile vinne vya kwanza. Darasa letu la mfano linatoka hivi: 115 hadi 119, watoto 2, 120 hadi 124, watoto 5, 125 hadi 129, watoto 9, 130 hadi 134, watoto 6, 135 hadi 139, watoto 2. Jumlisha: 24. Isipofika idadi ya waliopimwa, kuna aliyesahauliwa au aliyehesabiwa mara mbili, na kazi isimame hadi apatikane. Kisha kwenye daftari kisanduku kimoja ni mtoto mmoja, na nguzo tano zinachorwa. Mtoto wa darasa la tatu anaimaliza ndani ya kipindi.

Waambie waangalie kwamba 125 ina nyumba moja tu. Ukiandika 120 hadi 125 na 125 hadi 130, wa 125 ataingia kote.

Nitajuaje kwamba kuna namba iliyokosewa?

Itasimama peke yake. Kwenye darasa la vimo kati ya 118 na 139, ukiona 152, kamtazame mtoto. Kama hajawapita wenzake kwa kichwa, kuna uwezekano mkubwa ni 125 iliyopinduliwa tarakimu. Ukiona 49 au 50, futikamba ilisomwa upande wa inchi: sentimita 126 ni karibu inchi 50. Na kundi zima likizidi wenzao au likiwa pungufu yao kwa kiasi kilekile, kosa limo kwenye kifaa. Huenda futikamba ilianza kusomwa kwenye 10 badala ya 0, au rula iliyotumika ina kipande kitupu kabla ya sifuri.

Usiifute namba kwa sababu tu haikupendezi. Irudie kupima, na mtoto aone kwamba ndivyo kosa linavyotafutwa.

Grafu ya vimo ianzie 0 au 100?

Kama nguzo zinaonyesha urefu wenyewe, ianzie 0. Chukua mfupi wetu wa 118 na mrefu wetu wa 139. Kwenye tepe nzima tofauti yao ni ndogo, sentimita 21 tu. Anzisha grafu kwenye 110, na mmoja anabaki na 8 na mwingine 29: mrefu anaonekana ana kimo mara tatu na zaidi ya mwenzake. Watoto wadogo wanaamini wanachokiona, na mfupi ataenda nyumbani na picha hiyo kichwani. Grafu ya makundi haina shida hii, kwa sababu nguzo zake zinahesabu watoto, nazo zinaanza 0.

Ni kweli kwamba pima ya mtu ni sawa na kimo chake?

Ni karibu na kweli. Mrumi Vitruvius aliliandika jambo hili zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na Leonardo da Vinci akalichora mnamo mwaka 1490, mtu aliyesimama ndani ya mraba na duara. Lakini hiyo ni picha ya mtu bora, si sheria ya mwili. Kwa watoto wadogo pima huwa pungufu kidogo ya kimo, na kwa watu wazima wengi, hasa wanaume, inazidi. Mtoto akikuletea tepe zinazopishana, usimwambie apime tena mpaka zilingane. Nimeona walimu wakifanya hivyo, na kinachobaki ukutani ni jibu la mwalimu.

Kama unataka darasa lijionee lenyewe, mpime mwalimu na mpishi wa shule, mbandike tepe zao pembeni, muone nani ni mpana.

Darasa langu lina watoto 80. Nitawezaje?

Weka vituo vinne, vya pima vikiwa kwenye kona za darasa. Kila kituo kiwe na watoto wanne kwa zamu: anayepimwa, anayeshika boksi, anayepiga alama, anayeandika. Kipimo kimoja huchukua kama dakika mbili, kwa hiyo watoto 80 katika vituo vinne ni kama dakika 40 kwa kimo peke yake. Pima ifanywe siku ya pili, saa ileile. Kwa ukuta, tepe 80 hazitaenea. Gawa darasa katika makundi manne, kila kundi na ukuta wake na ngazi yake, kisha mlinganishe mtoto wa katikati wa kila kundi. Grafu ya nguzo ya darasa zima ifanyeni sakafuni kwa vizibo vya soda, kizibo kimoja kwa mtoto mmoja, vimepangwa kwa kushikana.

Watoto wanachekana. Nifanyeje?

Tumia namba badala ya majina kwenye tepe, na anayejua namba ni mwenyewe na mwalimu. Usimwite mtu mbele kuwa mfano wa mfupi wala wa mrefu. Kuna watoto ambao kimo chao kina habari ya njaa au maradhi nyuma yake, na hawakuchagua kuileta darasani. Asiyetaka kupimwa apewe kazi ya kuandika, na utepe wake usikosekane kwa kishindo.

Mtoto mwenye mkono mmoja, au ambaye mkono mmoja haunyooki, ana pima yake kama wengine. Pima kutoka kwenye kishimo kilicho chini ya koo, katikati ya mifupa ya mtulinga, hadi ncha ya kidole cha kati cha mkono unaonyooka, kisha zidisha mara mbili. Hospitalini nako hutumia kipimo cha mkono mmoja kukadiria kimo cha mtu asiyeweza kusimama.

Nilinganishe wavulana na wasichana?

Katika umri huu tofauti ni ndogo mno kuonekana kwenye darasa moja. Ukiichora, utakuwa unasoma bahati ya darasa lako.

Tepe tuzitupe baadaye?

Hapana. Zikunje pamoja, andika tarehe na saa mliyopima, zifungie kabatini. Watoto wataomba wapimwe tena baada ya mwezi, na hutaona kitu: katika umri huu mtoto hukua kama sentimita 5 au 6 kwa mwaka, yaani karibu nusu sentimita kwa mwezi, na hilo linamezwa na makosa ya kupima. Subiri mwaka mzima, mwezi uleule, saa ileile, ukuta uleule. Zifungue, kila mmoja aweke utepe wake wa zamani kando ya mpya, akate kile kilichozidi na abandike vipande hivyo tu kwenye mstari wa chaki. Vitakuwa na urefu wa kama kidole, na ndiyo grafu yao ya pili.